Hamsini, thelathini, ishirini: kanuni isiyoijua nyumba ya kipato cha siku

Jioni moja baada ya swala ya Isha, jirani yetu wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, alibisha hodi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka kwenye semina ya akina mama wajasiriamali, na humo walifundishwa namna ya kugawa kipato cha familia. Karatasi ilikuwa na duara lililokatwa vipande vitatu: asilimia 50 kwa mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwa mambo ambayo nafsi inayapenda, na asilimia 20 kwa akiba na kulipa madeni.

Mama huyu aliipeleka karatasi nyumbani kwa furaha, akamwonyesha mumewe. Wakapiga hesabu pamoja, na hesabu ikawa ugomvi. Mume alisema, “Kama nusu ya fedha inatosha kulisha nyumba, basi nusu nyingine huwa inapotelea mikononi mwako.” Mke naye hakuwa na jibu, maana karatasi ilikuwa upande wa mume. Alipofika kwetu swali lake lilikuwa moja tu: “Hivi mimi ni mbadhirifu?”

Tulikaa naye na daftari kwa siku kadhaa. Yanayofuata hapa ni hesabu za nyumba yake, ambazo ameridhia tuziandike bila jina, kwa sababu zinajibu swali lake, na huenda zikajibu swali la nyumba nyingine nyingi.

Kipato chenyewe ni kipi?

Nyumba ina watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu, mmoja wao akiwa sekondari. Baba ni saidia fundi katika kazi za ujenzi, na hulipwa kwa siku alizofanya kazi. Mama hukaanga vitumbua asubuhi.

Kosa la kwanza tulilolikuta halikuwa la ubadhirifu bali la kuhesabu. Mama alikuwa akisema anaingiza Sh. 20,000 kwa siku. Hayo ni mauzo. Mchele, nazi, sukari, hamira, mafuta na mkaa wa kukaangia vilimgharimu Sh. 14,000. Kilicho halali kuliwa na nyumba ni Sh. 6,000, na kwa siku sita za wiki ni Sh. 36,000. Zile Sh. 14,000 si kipato. Ni mtaji unaotakiwa kurudi sokoni jioni ile ile. Nyumba inayochanganya mambo haya mawili katika pochi moja hujiona ina fedha Jumatatu, na Alhamisi haina mchele wa kuloweka.

Tulipojumlisha faida ya mama na ujira wa baba, wastani wa nyumba ulikuwa Sh. 100,000 kwa wiki. Kwa bahati namba hiyo hurahisisha hesabu, kwani kila Sh. 1,000 ni asilimia moja ya kipato.

Sasa tazama matumizi ya wiki. Chakula cha watu sita kwa Sh. 7,000 kwa siku ni Sh. 49,000. Mkaa wa nyumbani, maji na umeme ni Sh. 1,500 kwa siku, yaani Sh. 10,500. Nauli ya baba na ya mwanafunzi ni Sh. 8,000. Sabuni, dawa ndogondogo, ada ya madrasa na vitu vidogo vya shule ni Sh. 5,500. Hayo ya kila siku yanafika Sh. 73,000. Kodi ya vyumba viwili ni Sh. 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 840,000, na ukigawa kwa wiki 52 unapata kama Sh. 16,200. Jumla ya yote ni Sh. 89,200.

Kwa hiyo mahitaji ya lazima ya nyumba hii ni asilimia 89 ya kipato, si 50. Chakula peke yake kimekula karibu sehemu yote ambayo kanuni imeitenga kwa mahitaji yote.

Je, wangeilazimisha kanuni ingekuwaje? Kodi, mkaa, maji, umeme, nauli na sabuni vinachukua Sh. 40,200, na hakuna hata kimoja ambacho mama anaweza kukipunguza kwa kuamua tu. Katika Sh. 50,000 za kanuni zingebaki Sh. 9,800 za chakula cha wiki nzima, yaani Sh. 1,400 kwa siku kwa watu sita. Mume alipoiona namba hiyo ya mwisho ikiwa imeandikwa, aliifunga ile karatasi mwenyewe. Ili mahitaji yale yale ya Sh. 89,200 yawe nusu ya kipato, nyumba ingepaswa kuingiza Sh. 178,400 kwa wiki. Mama hakuwa mbadhirifu. Aliambiwa ajipime kwa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Kanuni ilitungwa kwa ajili ya nani?

Ni haki kuwatendea uadilifu waliotunga kanuni hii. Ilipata umaarufu mwaka 2005 kupitia kitabu cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi huko Marekani. Warren wakati huo alikuwa profesa wa sheria za ufilisi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye akawa seneta. Yeye na bintiye walikuwa wakizitazama familia za tabaka la kati zenye mishahara, ambazo zilijifunga kwa nyumba kubwa na magari ya mkopo hadi zikakosa pumzi mshahara mmoja ulipokatika. Kwa familia hizo, kusema kwamba lazima isizidi nusu ni onyo la maana: hamia nyumba ndogo, uza gari moja. Wana pa kupunguza.

Lakini asilimia haijui kwamba tumbo lina kiwango chake cha chini. Mtu anayepata mara nne ya kipato chako hali ugali mara nne. Jambo hili lilikwisha kuandikwa mwaka 1857 na mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, baada ya kuchunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji: kadiri nyumba inavyokuwa maskini, ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya kipato chake. Maana yake ni kwamba hakuna asilimia moja ya mahitaji inayoweza kuwafaa wote. Ukimpa mwenye mshahara mkubwa asilimia 50 umempa nafasi; ukimpa saidia fundi asilimia hiyo hiyo umemwondolea chakula cha mchana.

Kuna jambo jingine ambalo lile duara halina mahali pa kuliweka. Bibi anayeishi katika nyumba hii, mchango wa msiba wa ndugu, sahani ya futari kwa jirani mjane: je, haya ni lazima au ni matakwa ya nafsi? Kanuni ikibanwa itayaweka pamoja na soda na vocha ya simu, katika zile asilimia 30. Katika nyumba zetu hizo ni haki za watu, na bajeti isiyozihesabu huvunjika siku ya kwanza simu ya msiba inapoita.

Mwezi ambao haupo

Hata tungerekebisha asilimia, tuseme 90 kwa 5 kwa 5, kanuni ingeshindwa bado, kwa sababu imejengwa juu ya mshahara unaoingia mara moja kwa mwezi kwa kiasi kile kile. Nyumba hii haina mwezi wa namna hiyo. Haya ndiyo mapato yake ya wiki nane zilizofuatana, kama mama alivyoyaandika:

Wiki ya 1: Sh. 140,000
Wiki ya 2: Sh. 125,000
Wiki ya 3: Sh. 60,000
Wiki ya 4: Sh. 110,000
Wiki ya 5: Sh. 45,000
Wiki ya 6: Sh. 130,000
Wiki ya 7: Sh. 70,000
Wiki ya 8: Sh. 120,000

Wastani ni Sh. 100,000 barabara, lakini hakuna hata wiki moja iliyoingiza kiasi hicho. Baba akipata kazi ya kumwaga zege, wiki hunenepa; mvua ikinyesha siku nne mfululizo, nyumba inabaki na vitumbua tu. Katika wiki ya 1, kanuni ingemwambia mama atumie Sh. 42,000 kwa anayoyapenda. Wiki mbili baadaye asingekuwa na fedha ya kununua unga.

Watafiti waliofuatilia kwa karibu mwaka mzima daftari za fedha za familia maskini za Bangladesh, India na Afrika Kusini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, walieleza jambo hili hili: taabu ya kipato kidogo si udogo wake peke yake, bali pia kuja kwake bila mpangilio, huku gharama zikija kwa mpangilio wake zenyewe. Msomaji wa Qur'ani halioni jambo hili kuwa geni. Katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), ushauri uliotolewa haukuwa wa kugawa mavuno kwa asilimia. Ulikuwa wa kuijua miaka ya neema na miaka ya ukame, na kuibebesha ile ya kwanza mzigo wa ile ya pili. Nyumba ya kibarua ina neema na ukame wake ndani ya mwezi mmoja.

Tena kuna gharama zinazokuja kwa mkupuo. Mwenye nyumba hataki Sh. 16,200 kila wiki; anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, Sh. 420,000, kiasi ambacho nyumba hii haijawahi kukishika kwa wakati mmoja. Shule za serikali hazitozi ada, lakini Januari sare, viatu na madaftari havingoji. Kanuni inaita fedha ya namna hii “akiba” na kuiweka mwisho. Kwa kipato cha chini si akiba ya uzeeni. Ni lazima ambayo tarehe yake haijafika. Familia inapoitumia kwa kuiona kama ziada, siku ya kodi hukimbilia mkopo wa mtaani. Ukikopa Sh. 100,000 na kutakiwa kurudisha Sh. 130,000 baada ya mwezi, mbali na kwamba hiyo ni riba iliyoharamishwa, Sh. 30,000 za juu zimechukua chakula cha siku nne na zaidi cha watu sita.

Badala yake: foleni na kalenda

Tulichokifanya na jirani yetu ni kuacha kuuliza “ni asilimia ngapi?” na kuuliza maswali mawili: nani yuko mbele katika foleni, na siku yake ni lini?

Kwanza tuliandika foleni. Mbele kabisa ni kile kinacholeta kipato cha kesho: mtaji wa vitumbua, ambao hauingii kabisa kwenye hesabu ya nyumba, na nauli ya baba ya kwenda kazini. Watu wengi hushangaa kuona nauli ikitangulia chakula, lakini siku baba asipokwenda kazini, chakula cha siku tatu kimeondoka. Nafasi ya pili ni chakula, mkaa, maji na mengine ya kila siku. Pamoja na nauli hayo ndiyo zile Sh. 73,000. Ya tatu ni fungu la kodi, Sh. 16,200. Ya nne ni mfuko wa mwaka.

Pili, mfuko wa mwaka ulitengenezwa kwa kalenda. Mama na mumewe waliandika kila gharama kubwa wanayoijua kwamba itakuja. Sare na vifaa vya Januari, Sh. 120,000. Ramadhani na Idd zote mbili, pamoja na zakatul-fitri, Sh. 130,000. Matibabu, Sh. 80,000. Misiba, harusi na safari za ghafla, Sh. 60,000. Jumla ni Sh. 390,000, na kwa wiki 52 ni Sh. 7,500. Gharama iliyokuwa ikiwatisha kila Januari imekuwa karibu sawa na chakula cha siku moja kwa wiki.

Kalenda hii lazima iandikwe upya kila mwaka, na kwa familia ya Kiislamu kuna sababu ya pekee. Mwaka wetu wa Hijria hurudi nyuma kwa takribani siku 11 ukilinganishwa na kalenda ya shule. Mwaka 2026 Idd-ul-Fitri ni mwezi wa Machi. Kwa hesabu za mwandamo, ifikapo 2030 itakuwa karibu na mwanzo wa Februari, na mwaka 2031 itaingia Januari. Nguo za Idd na sare za shule zitadaiwa katika wiki zile zile. Nyumba itakayoliona hilo mapema itashona na kununua kidogo kidogo kuanzia Oktoba. Isiyoliona itadhani imepatwa na balaa.

Tatu, tuliondoa neno “ziada” katika wiki nzuri. Foleni nzima ni Sh. 96,700 kwa wiki: 73,000 za kila siku, 16,200 za kodi na 7,500 za mwaka. Kila kinachozidi hapo kinaingia kibubu cha wiki mbaya, na hakiguswi mpaka wiki mbaya ifike. Wiki mapato yakipungua, kibubu kinajazia. Kibubu nacho kikiisha, anayekatwa ni wa mwisho katika foleni, yaani mfuko wa mwaka, kisha kodi, na kinachokosekana kinaandikwa kuwa deni la nyumba kwa nyumba, lilipwe wiki nzuri ya kwanza.

Wiki nane zile zile

Tazama sasa mapato yale yale yakipita katika mpango huu. Wiki ya 1 foleni yote ililipwa na Sh. 43,300 zikaingia kibubuni. Wiki ya 2 ziliongezeka Sh. 28,300, kibubu kikawa na Sh. 71,600. Hapa ndipo palikuwa na mtihani mkubwa kuliko wote, kwani mume aliona fedha imekaa na mwanawe anatembea na viatu vilivyopasuka. Walikubaliana visubiri.

Wiki ya 3 yaliingia Sh. 60,000 tu. Zilipungua Sh. 36,700, kibubu kikazijazia na kubaki na Sh. 34,900. Chakula hakikupungua, kodi ilitengwa, hakuna aliyekwenda kukopa dukani. Wiki ya 4 kibubu kilipanda hadi Sh. 48,200.

Wiki ya 5 ndiyo ya mvua, Sh. 45,000. Upungufu ulikuwa Sh. 51,700, na kibubu hakikutosha kwa Sh. 3,500. Mfuko wa mwaka ukapata Sh. 4,000 badala ya 7,500, na mama akaandika pembeni: “Nyumba inadaiwa 3,500.” Hayo ndiyo madhara yote ya wiki ambayo kabla yake ingezaa mkopo. Wiki ya 6 deni hilo lililipwa na kibubu kikabaki na Sh. 29,800. Wiki ya 7 kilishuka hadi Sh. 3,100, na wiki ya 8 kikapanda hadi Sh. 26,400.

Mwisho wa wiki nane, fungu la kodi lina Sh. 129,600, mfuko wa mwaka umeingiziwa Sh. 60,000, kibubu kina Sh. 26,400, na hakuna deni dukani. Kipato hakikuongezeka hata shilingi. Kwa mwendo huo, katika wiki 26 fungu la kodi litafika Sh. 421,200, yaani kodi ya miezi sita imetimia. Viatu vya mtoto vilinunuliwa wiki ya 8, kwa fedha ya vifaa vya shule iliyokwisha kutengwa katika mfuko wa mwaka, si kwa fedha ya kibubu.

Itakuwa si uaminifu kuficha kwamba wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Ukianza katika wiki mbaya, usijaribu foleni nzima. Lipa nafasi mbili za mbele, andika kilichobaki nyuma, na ujenzi wa kibubu uanze wiki nzuri ya kwanza. Na kama tayari kuna deni la watu, lina nafasi yake katika foleni: baada ya fungu la kodi, kabla ya mfuko wa mwaka.

Fedha ikae wapi?

Fedha tatu zenye kazi tatu zikikaa mahali pamoja huwa moja, na huliwa kama moja. Kibubu cha wiki mbaya kinatakiwa kiwe karibu, maana hutumika mara kwa mara. Jirani yetu hukiweka kwenye laini ya simu tofauti na ile anayopigia. Mtaji wa vitumbua hautoki nje ya mkoba wake wa biashara, na njia salama zaidi ni kununua mchele na nazi za kesho jioni ile ile.

Fungu la kodi linahitaji kuwa mbali na mkono. Mchezo, au upatu, unafaa sana kwa kazi hii. Watu kumi wakitoa Sh. 16,000 kila wiki, kila mmoja hupokea Sh. 160,000 siku ya zamu yake, bila riba, na aibu ya kuwaangusha wenzako hukulinda kuliko kufuli. Lakini uombe zamu inayokaribia tarehe ya kodi. Ukipokea wiki ya pili wakati kodi inadaiwa baada ya miezi minne, fedha itakuwa imerudi mkononi na hatari yake imerudi pia. Jiunge na watu unaowajua, wachache, na wenye kipato kinachoweza kubeba mchango hata wiki mbaya. Ama vikoba, uliza kwanza masharti ya mkopo wake, kwani vingi hukopesha wanachama kwa nyongeza, na gawio la mwisho wa mwaka hutokana na nyongeza hiyo.

Mwenye nyumba naye anaweza kuombwa. Wapo wanaokubali kodi ya miezi mitatu kwa mpangaji wa muda mrefu asiyechelewesha. Sh. 210,000 mara mbili ni nyepesi kuliko Sh. 420,000 mara moja, hata kama jumla ni ile ile.

Pale mpango unapokwama

Kuna dalili tatu za kuangalia. Ya kwanza ni kibubu kubaki kitupu baada ya wiki nzuri mbili mfululizo. Hapo ama kuna matumizi yasiyoandikwa, ama wastani wa kipato umeshuka na foleni iliandikwa kwa kipato cha zamani. Rudini kwenye daftari, muandike upya wiki nne.

Ya pili ni mtaji kupungua. Mama akianza kukaanga kilo mbili badala ya tatu, huku wateja wakiondoka mikono mitupu, nyumba imeanza kula mbegu. Hilo lazibwe kabla ya jambo jingine lolote, hata kwa kuchelewesha fungu la kodi wiki moja.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Ni pale ambapo nafasi tatu za mwanzo za foleni zinazidi wastani wa kipato. Kama nyumba hii ingeingiza Sh. 80,000 kwa wiki badala ya 100,000, lazima yake ya Sh. 89,200 isingetosheka kwa mpango wowote. Hapo si haki mtu yeyote kumwambia mama apunguze sukari kwenye chai, kwani sukari yote ya nyumba haifiki Sh. 9,200 kwa wiki. Kinachoweza kusogeza hesabu ni vitu vikubwa vichache tu: chumba kimoja au mtaa wa kodi nafuu, ikiwa nauli haitameza tofauti, kazi ya pili ya msimu wa mvua kwa baba, au siku ya saba ya vitumbua. Na ikiwa hayo hayapatikani, basi nyumba hiyo ni ya watu wanaostahiki kupokea zaka, na daftari lao ni ushahidi mzuri wa kulipeleka kwa kamati ya msikiti kuliko maneno matupu. Daftari limetambua kwamba tatizo ni kipato, si tabia, na huko ndiko nguvu ielekezwe.

Jirani yetu na mumewe sasa hukaa na daftari kila Ijumaa baada ya Maghrib, robo saa tu. Mume husoma mapato, mke husoma foleni. Ile karatasi yenye duara bado wanayo, nyuma yake ndipo ilipoandikwa kalenda ya mwaka. Wiki iliyopita aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu waoane, mumewe alipoleta fedha ya wiki aliuliza mwenyewe, “Ya kodi tumeshaitoa?”

Wabillahi tawfiq.